Kabla ya kuhesabu matofali, kagua skeli ya ramani

Ramani nyingi za nyumba tunazoletewa chuoni hapa Tabora ni kopi. Mchoraji alitoa karatasi ya A3, mwenye nyumba akaipeleka steshenari, mashine ikaipunguza iingie kwenye A4. Pembeni bado pameandikwa 1:100, lakini skeli hiyo haipo tena.

Kwa skeli ya 1:100, sentimita 1 ya karatasi ni mita 1 ya kiwanjani. Basi anza na ukuta mrefu ulioandikwa kipimo chake, uuwekee rula. Tuseme ni nyumba inayojengwa Ipuli, ukuta wa mbele umeandikwa 9000. Hizo ni milimita, yaani mita 9, na rula ilipaswa kusoma milimita 90. Inasoma 64. Gawanya 9000 kwa 64, unapata karibu 141: hiyo ndiyo skeli ya karatasi uliyoshika. Rudia kwa ukuta wa ubavuni ulioandikwa 7500. Ukisoma 53, kopi imepungua sawasawa pande zote. Majibu yakipishana sana, pengine ramani ilipigwa picha ya simu kiupandeupande. Hapo weka rula kando, tumia namba zilizoandikwa tu. Hata kwenye karatasi nzuri, namba iliyoandikwa huishinda rula.

Asiyekagua atasoma mita 6.4 kwa 5.3, na sakafu yake itakuwa mita za mraba 34 badala ya 67.5. Urefu umepungua kwa chini ya theluthi, eneo limepungua kwa nusu, kwa sababu kosa limeingia mara mbili. Ndiyo maana zege la jamvi huwa la kwanza kumuumbua.

Sasa kuta za nje. Mzunguko ni mara mbili ya 9 jumlisha 7.5, yaani mita 33. Ukiishia hapo, kila kona umeihesabu mara mbili. Kama ukuta una unene wa milimita 150, toa 0.15 mara nne, zibaki mita 32.4. Kimo kitafute kwenye mchoro wa mkato. Kikiwa mita 2.7, eneo ni mita za mraba 87.5. Milango 2 ya 0.9 kwa 2.1 na madirisha 5 ya 1.5 kwa 1.2 yanachukua 12.8. Zinabaki 74.7.

Kwa bloku za inchi 6, zinazoingia kama 10 kwa mita ya mraba, hizo ni bloku 750, na ongeza asilimia 5 ya zitakazovunjika. Matofali ya kuchoma ya huku kwetu hutofautiana tanuri kwa tanuri, kwa hiyo panga machache chini pamoja na nafasi ya udongo, uhesabu yanayoingia kwenye mita moja ya mraba. Kuta za ndani zipime kutoka uso hadi uso wa kuta zinazozipokea. Lenta haijatolewa kwenye hesabu hii, na pembetatu za ukuta chini ya paa hazimo.