Hoja namba 17: jinsi ninavyotunza daftari la maoni ya wapitiaji

Rasimu ilikuwa na kurasa 14 tu. Ulikuwa mwongozo wa kufunga mwamba wa pweza, yaani kusimamisha uvuvi hapo kwa miezi mitatu ili pweza wakue, kwa kijiji kimoja cha pwani ya Mkinga, kaskazini ya Tanga mjini. Kuandika na kuhariri miongozo ya namna hii ndiyo kazi yangu, na huu niliupeleka kwa wapitiaji wanne: afisa uvuvi, mtafiti wa viumbe wa baharini, mwenyekiti wa BMU (kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi), na bibi mmoja ambaye amechokoa pweza kwa miguu tangu usichana wake.

Baada ya wiki tatu maoni yalirudi, kila mtu kwa njia yake. Mtafiti aliandika pembeni mwa rasimu ndani ya Word. Afisa alileta barua ya kurasa mbili. Mwenyekiti alipitisha kalamu nyekundu juu ya nakala ya karatasi. Bibi, aliyesomewa rasimu yote na mjukuu wake, alituma sauti saba kwa WhatsApp.

Hapo wengi hufungua rasimu na kuanza kurekebisha. Mimi siigusi. Rasimu waliyoisoma inabaki ilivyo, nimeipa jina la Toleo 1, na kabla ya kuituma nilikuwa nimeshaweka namba za mistari kutoka mwanzo hadi mwisho (katika Word ni `Layout`, kisha `Line Numbers`, kisha `Continuous`). Sababu ni nyepesi: ukiongeza aya moja ukurasa wa 3, kila kitu kilicho chini yake kinahama, na mpitiaji aliyesema "ukurasa wa 9, aya ya pili" anakuwa ameelekeza pasipo na jambo lake. Hoja zote hutajwa kwa mstari wa Toleo 1. Mabadiliko yanaingia kwenye Toleo 2, ambalo ni faili jingine.

Daftari lenyewe ni jedwali la safu nane: namba ya hoja, mpitiaji, mstari wa Toleo 1, maneno yake, aina ya hoja, uamuzi, sababu, na mstari wa Toleo 2 palipobadilishwa. Kwa aina ya hoja ninafuata mtindo wa watu wa viwango. Fomu ya maoni ya ISO inagawa maoni mafungu matatu, `ge` kwa ya jumla, `te` kwa ya kiufundi na `ed` ya uhariri, na mgawanyo huo unasaidia sana: makosa ya herufi unayamaliza asubuhi moja, halafu akili yote inabaki kwa yale ya kiufundi.

Safu ya maneno yake ndiyo ninayoilinda kuliko zote. Naandika alivyosema, siyo nilivyoelewa. Sauti za bibi nilizisikiliza na kuzinakili neno kwa neno, kwa sababu ukishafupisha maneno ya mtu umeshaanza kumjibu. Na maoni moja mara nyingi hubeba hoja mbili au tatu. Afisa aliandika sentensi moja yenye kutaka uzito wa pweza uondolewe, adhabu ziongezwe na jina la kamati lisahihishwe. Hayo ni mambo matatu yanayoweza kupata majibu matatu tofauti, kwa hiyo yana mistari mitatu kwenye daftari. Maoni 58 yaliyonifikia yalizaa hoja 71.

Kisha uamuzi. Ninatumia maneno matatu tu: Imekubaliwa, Imekataliwa, Imekubaliwa kwa marekebisho. Zamani nilikuwa na neno la nne, "Imezingatiwa". Nililiacha baada ya mpitiaji wa ripoti nyingine kunipigia simu akiniuliza hoja yake imezingatiwa wapi. Nilifungua ripoti, nikatafuta, sikuona hata nukta iliyobadilika. Nilikuwa nimeisoma hoja ile, nikakubaliana nayo moyoni, nikaiandikia neno hilo la kupoza na kupita. Alikuwa na haki ya kukasirika, maana alitumia jioni zake kusoma kazi yangu.

Zilizokubaliwa moja kwa moja hazina mengi ya kusema: unabadilisha, unaandika mstari mpya, unaendelea. Ugumu uko kwenye zile za marekebisho, kwa sababu ni rahisi kuchukua neno la mtu na kuacha shida yake.

Rasimu ilisema mwamba utafunguliwa tarehe 1 Oktoba. Bibi alisema hivi, na hivi ndivyo ilivyo kwenye daftari, hoja ya 44: "Mwanangu, hiyo tarehe moja ikiangukia maji mafu sisi tutachokoa nini? Mwamba uko chini ya maji. Watavuna wenye ngalawa na miwani, sisi tukifika bamvua tunakuta mashimo matupu. Fungueni bamvua la mwezi mwandamo."

Shida yake ni moja na pendekezo lake ni jingine. Shida ni kwamba wanaokwenda kwa miguu, ambao wengi ni wanawake, hawaufikii mwamba isipokuwa maji yametoka sana, yaani siku za bamvua. Tarehe ya kalenda haijui hilo. Pendekezo ni mwezi mwandamo. Lakini bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kusubiri la mwandamo peke yake kungeweza kusogeza ufunguzi kwa wiki mbili bila faida. Mwenyekiti alithibitisha kwamba bamvua la mwezi mpevu nalo linaanika mwamba ule. Basi Toleo 2 linasema: "Mwamba utafunguliwa siku ya kwanza ya bamvua linalofuata baada ya miezi mitatu kutimia. Kamati itatangaza tarehe hiyo siku 14 kabla." Na kwenye safu ya sababu niliandika tulichochukua na tulichoacha: tumechukua kufungua kwenye bamvua, tumeacha sharti la mwezi mwandamo, kwa sababu hiyo. Pasipo sentensi hizo mbili, neno "marekebisho" linakuwa pazia.

Kuna pia hoja zinazogongana. Mtafiti (hoja ya 9) alitaka katazo la kuvua pweza wa chini ya gramu 500 liwekwe mwanzoni kwa herufi nzito. Afisa (hoja ya 31) alitaka liondolewe, kwa kuwa tayari limo katika kanuni za uvuvi za taifa. Ukizijibu hoja hizi kwa siku tofauti utamkubalia kila mmoja na rasimu itajipinga yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote napanga jedwali kwa mstari wa Toleo 1, na hoja zinazogusa mahali pamoja zinakaa jirani. Nilimpigia afisa simu. Kilichomsumbua hasa ni kijiji kuonekana kinajitungia kikomo chake. Katazo lilibaki, tukaongeza maneno "kama kanuni za uvuvi za taifa zinavyoelekeza", na kila moja ya hoja hizo mbili ikataja namba ya mwenzake.

Sasa hoja namba 17, ya mwenyekiti, kwa kalamu nyekundu: "Miezi mitatu haitoshi. Tufunge mwaka mzima pweza wakue."

Tuliikataa. Mara ya kwanza niliandika sababu hii: "Hailingani na lengo la mwongozo." Nilipoisoma kesho yake niliona haifai. Ninaipima sababu ya kukataa kwa swali moja: je, mpitiaji anaweza kuipinga? Sababu inayoweza kupingwa ina kitu ndani yake, anaweza kukichunguza na kusema umekosea. "Hailingani na lengo" haishikiki popote. Nikakaa na mtafiti, tukaandika upya:

"Pweza wa mwambani huishi takriban mwaka mmoja tu. Jike likishataga hukaa shimoni kulinda mayai, huacha kula, na hufa mayai yanapoanguliwa. Watoto huchukuliwa na mkondo kabla ya kutua mwambani, hivyo si lazima watue hapa. Mwamba ukifungwa mwaka mzima, wengi wa pweza waliokuwapo siku ya kufunga watakuwa wamekufa kabla ya kufungua. Miezi mitatu inatosha kwa wadogo kuongeza uzito mwingi, kwa kuwa pweza hukua haraka. Ikiwa kumbukumbu za mnadani zitaonyesha uzito haujapanda baada ya kufunga mara mbili, muda utaangaliwa upya."

Sentensi ya mwisho naiweka kila ninapoweza. Inamwambia aliyekataliwa ni ushahidi gani ungebadilisha uamuzi.

Uamuzi wote ulipokamilika zilikuwa 38 zilizokubaliwa, 21 za marekebisho na 12 zilizokataliwa. Jumla ni 71, na lazima iwe 71. Ikipungua, kuna hoja iliyoanguka. Kwa safu ya sababu natumia fomula hii, na sitoi daftari mpaka ilete sifuri:

```
=COUNTBLANK(G2:G72)
```

Bado kuna ukaguzi wa pande mbili. Upande wa kwanza natoka kwenye daftari kwenda kwenye rasimu: kila hoja iliyokubaliwa, nafungua mstari wa Toleo 2 ulioandikwa na kusoma kama mabadiliko yapo kweli. Safari hii nilikuta mbili ambazo daftari lilisema zimefanyika na hazikuwapo. Upande wa pili huachwa na wengi. Nalinganisha Toleo 1 na Toleo 2 kwa `Review`, kisha `Compare`, na kila badiliko linalotokea kwenye skrini nalitafutia namba ya hoja. Nilikuta sentensi moja kuhusu faini ambayo niliibadilisha mwenyewe, kwa nia njema, nikidhani nairahisisha. Hakuna mpitiaji aliyeiomba, na nilikuwa nimegeuza "inaweza kutozwa" kuwa "itatozwa". Hilo ni badiliko la maana, siyo la lugha. Nililirudisha.

Daftari lote niliwarudishia wapitiaji wote wanne, siyo kila mtu kipande chake. Bibi alisomewa. Mwenyekiti alisoma hoja ya 17 kwenye simu, akanipigia jioni ile.

"Hii habari ya jike kufa shimoni mbona haimo kwenye mwongozo?"

Nikamwambia iko kwenye daftari, mzee, kama sababu ya kukataa.

"Na watu wangu wakiniuliza kwa nini siyo mwaka, niwasomee daftari?"

Ikawa hoja ya 72. Imekubaliwa. Maelezo ya uhai wa pweza yako mstari wa 61 wa Toleo 3, juu kidogo ya kipengele cha miezi mitatu.