Kuchora umbo la kemu kutoka jedwali la mwinuko

Kemu ni kisahani cha chuma kisicho duara kamili. Kikizunguka, ukingo wake huipandisha na kuishusha tapeti inayokaa juu yake. Jedwali la mwinuko hueleza tapeti iwe imepanda milimita ngapi kwa kila pembe ambayo kemu imezunguka. Kazi ya mchoraji ni kuzigeuza namba hizo kuwa ukingo.

Tuseme fundi wa Malindi anaunda mashine ndogo ya kukatia sabuni. Kisu kimefungwa kwenye tapeti yenye rola mwishoni, na tapeti inapanda wima juu ya shafti ya kemu. Kisu kinatakiwa kupanda 20 mm ndani ya digrii 120, kitulie digrii 60 ili mche wa sabuni usogezwe, kishuke kwa digrii 120, kisha kitulie chini hadi mzunguko uishe. Kwa mwendo laini, jedwali la kupanda linasoma hivi: digrii 0, 0 mm, digrii 30, 2.9, digrii 60, 10, digrii 90, 17.1, digrii 120, 20. Kushuka ni namba zilezile kinyumenyume.

Duara la msingi la kemu lina nusu kipenyo cha 30 mm, na rola 8 mm. Tapeti ikiwa chini kabisa, kituo cha rola kiko 38 mm kutoka kituo cha shafti, kwa hiyo miinuko yote hupimwa kuanzia duara la 38, wala si la 30. Karatasi haizunguki, basi tunaizungusha tapeti: kama kemu itazunguka kulia, mistari ya pembe huhesabiwa kuelekea kushoto. Ukihesabu upande uleule wa mzunguko, mpangilio wote wa mwendo utageuka nyuma mbele. Kwenye mstari wa digrii 60 tia nukta kwenye 48 mm, na mingine vivyo hivyo. Nukta za kila digrii 30 ni chache mno kwa mchoro wa kukatia chuma. Gawa kila digrii 10.

Nukta hizo ni njia ya kituo cha rola, bado si ukingo. Wengi hapa hupunguza 8 mm kwenye kila mstari wa pembe na kuunganisha. Si sahihi, kwa sababu ukingo unapopanda rola huugusa pembeni mwa mstari huo. Kwenye digrii 60 ukingo wa namna hiyo ungeinua kisu kama 0.4 mm zaidi ya jedwali. Weka bikari kwenye kila nukta, chora duara la rola la 8 mm, kisha pitisha mstari laini unaoyagusa maduara yote kwa ndani. Huo ndio ukingo wa kemu.

Tazama sana sehemu ya juu, kemu inapopinda kwa ukali. Mstari wa ndani ukijikata au kufanya ncha, rola ni kubwa kuliko mpindo wa njia yake. Chuma cha pale kitakuwa kimekatwa, na tapeti haitafika urefu wa jedwali. Hapo punguza rola au ongeza duara la msingi, halafu chora upya.