Usafishaji wa kibayolojia: jinsi bakteria wanavyokula mafuta yaliyomwagika

Usafishaji wa kibayolojia ni kutumia viumbe hai, hasa bakteria, kuvunjavunja sumu iliyoingia kwenye udongo au maji. Wengi wakisikia hivyo hudhani kazi ni kuzalisha bakteria maabara na kwenda kuwamwaga palipochafuka. Mara nyingi sivyo. Bakteria wanaokula mafuta tayari wapo baharini, kwa kuwa mafuta ghafi yamekuwa yakivuja yenyewe kutoka chini ya sakafu ya bahari tangu zamani za kale. Wanachopungukiwa ni kitu kingine, na hilo lilijitokeza wazi kule Alaska.

Tarehe 24 Machi 1989, meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba katika ghuba ya Prince William na kumwaga takriban lita milioni 41 za mafuta ghafi. Fukwe za mawe zilifunikwa na utando mweusi. Sehemu nyingi zilioshwa kwa maji ya moto yenye shinikizo kubwa, ambayo yaliua hata viumbe wa ufukweni walionusurika na mafuta. Kiangazi hichohicho, mamlaka ya mazingira ya Marekani na kampuni ya Exxon zilijaribu jambo jingine: kutia mbolea ufukweni. Moja ilikuwa ya majimaji inayong'ang'ania mafuta, Inipol EAP22. Nyingine ilikuwa ya punje, Customblen, inayoachia virutubisho polepole. Baada ya wiki mbili hivi, mawe yaliyopuliziwa Inipol yalikuwa yametakata kiasi kwamba tofauti ilionekana hata kutoka angani.

Kwa nini mbolea? Mafuta ghafi ni kaboni kwa karibu asilimia 85, lakini naitrojeni na fosforasi yake ni kidogo mno. Bakteria hupata nguvu kutoka kwenye kaboni, ila bila naitrojeni hawezi kujenga protini, na bila fosforasi hawezi kutengeneza DNA ya kizazi kipya. Chakula kimejaa tele, lakini hawazaani. Makadirio yanayotumika sana ni sehemu 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi kwa kila sehemu 100 za kaboni.

Ulaji wenyewe huanza na oksijeni. Molekuli nyingi za mafuta ni minyororo ya kaboni. Kimeng'enya cha bakteria hupachika atomu ya oksijeni kwenye ncha ya mnyororo, na ncha hiyo hugeuka alkoholi, kisha asidi ya mafuta. Kuanzia hapo bakteria huukata mnyororo kaboni mbilimbili mpaka uishe. Sehemu hugeuka mwili wake, na iliyobaki hutoka kama kaboni dioksidi na maji. Minyororo iliyonyooka huliwa kwanza, molekuli zenye pete kadhaa zilizoungana huchelewa, na zile nzito za lami huweza kubaki miaka na miaka.

Sasa, utajuaje kwamba mafuta yameliwa, na hayakusombwa tu na mawimbi? Hili ndilo swali ninalolipenda zaidi katika taaluma hii. Ndani ya mafuta ghafi mna hopani, molekuli ambayo bakteria huigusa kwa shida sana. Mawimbi yakiondoa mafuta, hopani huondoka pamoja nayo, na kiwango chake katika kila gramu iliyobaki hakibadiliki. Bakteria wakila, wao huiacha, hivyo kiwango chake hupanda. Tuseme mwanzoni kila gramu ya mafuta ilikuwa na mikrogramu 200 za hopani, na miezi kadhaa baadaye ina 400. Hapo nusu ya mafuta yale imeliwa.

Mbolea haikumaliza kila kitu. Kilo moja ya mafuta huhitaji takriban kilo tatu za oksijeni ili ivunjwe kabisa, na lita ya maji ya bahari hubeba miligramu kumi hivi tu. Ina maana oksijeni yote ya lita kama 300,000. Juu ya mawe, penye hewa na mawimbi, hilo si tatizo. Lakini mafuta yaliyozama chini ya changarawe, mahali ambapo maji hayapiti vizuri, yalikutwa bado yapo zaidi ya miaka ishirini baadaye.

Kwa viuatilifu hesabu huweza kugeuka kabisa. Chukua atrazini, dawa ya kuua magugu, ambayo kila molekuli yake ina atomu tano za naitrojeni. Wapo bakteria wa udongoni, mojawapo wa jamii ya Pseudomonas, wanaoivunja ili wajipatie hiyo naitrojeni. Ukiwamwagia mbolea ileile iliyosaidia Alaska, watachukua naitrojeni ya bure na kasi ya kuivunja atrazini inaweza kushuka. Kwenye udongo wa namna hiyo, wanachoongezewa ni kaboni.