Kumkumbusha mwenye kiwanda deni la maembe: dhana potofu na ukweli

Kila msimu mkubwa wa maembe unapokwisha, na Ngowe na Boribo za mwisho zimeshapita kwenye mizani ya kiwanda, huanza kupokea wageni wa aina moja hapa Malindi. Mimi hutunza hesabu za vikundi kadhaa vya wakulima wa Magarini na Mambrui, na mgeni wangu huwa ni mkulima aliyeuza mzigo, akaahidiwa kulipwa katika siku thelathini, na sasa mwezi wa pili unayoyoma. Nikimuuliza kama ameandika barua, jibu ni lile lile: "Nikimwandikia ataona namshtaki, na mwakani hatachukua maembe yangu." Nimelisikia mara nyingi mno, na mwaka huu nimelisikia kwa mzee aliyestahili kulipwa shilingi 71,900, ndipo nikaona heri niandike.

Sisi watu wa pwani tuna neno letu kwa hali hiyo, nalo ni muhali. Mtu huona muhali kumdai aliyekuja shambani kwake, akakaa kwenye mkeka wake na kunywa madafu yake. Muhali ni sehemu ya adabu na siudharau, lakini katika jambo hili unamwendea mtu asiyehusika. Aliyekunywa madafu ni mnunuzi, yule afisa anayezunguka mashambani kutafuta mzigo. Mkulima humpigia yeye simu, naye hujibu "nitawakumbusha, mzee wangu," na mara nyingi husema kweli, ila yeye halipi mtu. Anayelipa ni mhasibu, ambaye hajawahi kumwona mkulima huyo na hana kinyongo naye wala mapenzi. Kazi ya mhasibu ni kuweka karatasi tatu sambamba: oda ya kiwanda inayotaja bei, hati ya mizani inayotaja kilo zilizokubaliwa, na ankara ya mkulima. Zikilingana, ankara huingia kwenye foleni ya malipo. Zisipolingana huwekwa kando, na hakuna atakayekupigia simu kukuarifu kwamba imewekwa kando.

Kwa hiyo barua iliyoandikwa vizuri haimshtaki mnunuzi, bali humsaidia. Hawezi kuingia ofisi ya hesabu akasema "yule mzee wa Mambrui analalamika," lakini anaweza kuingia na karatasi yenye nambari za hati, kilo na tarehe, akauliza ni ipi kati ya hizo inayokwamisha malipo. Nimeona urafiki mwingi ukiharibika kwa simu za usiku na maneno ya barazani kuliko kwa barua.

Mzee niliyemtaja alipeleka mizigo mitatu mwezi wa Januari, tarehe 9, 14 na 21, kwa bei ya shilingi 20 kwa kilo. Langoni mizigo yake ilipimwa kilo 5,500 kwa jumla. Baada ya kuchambuliwa, maembe yaliyopondeka na yaliyooza yakitolewa, zilizokubaliwa zilikuwa kilo 1,712, kisha 1,965, kisha 1,418, yaani kilo 5,095. Mapema Machi alitumiwa shilingi 30,000 bila maelezo yoyote. Yeye alizidisha kilo za langoni, akapata 110,000, akatoa 30,000, akawa anadai 80,000 kwa simu na kwa ankara. Mhasibu alikuwa na hati za mizani zinazosema 101,900, na baada ya kutoa 30,000, shilingi 71,900. Tofauti ya shilingi 8,100, ambayo ni zile kilo 405 zilizokataliwa, ndiyo iliyoiweka ankara nzima kando. Mzee akaamini amekasirikiwa, kumbe hata jina lake halikuwa limetajwa.

Kosa hili ndilo ninalolikuta zaidi, na dawa yake ni kutenganisha deni lisilobishaniwa na lile lenye ubishi. Dai kwanza kile ambacho karatasi zao wenyewe zinakubali, na ubishi wa kilo zilizokataliwa uandikiwe barua yake. Ukivichanganya, unampa mdaiwa sababu halali ya kutolipa chochote.

Barua tuliyoiandika, nikiondoa majina na nambari, ilikuwa hivi:

"Kwa Mhasibu, nakala kwa Afisa wa Ununuzi. Salaam. Yahusu: salio la maembe ya Januari, shilingi 71,900. Nilileta mizigo mitatu, na kwa mujibu wa hati zenu za mizani kilo zilizokubaliwa ni 5,095 kwa shilingi 20, jumla shilingi 101,900. Nimepokea shilingi 30,000, nazo nimezihesabu kwenye mzigo wa kwanza. Salio ni shilingi 4,240 za mzigo wa tarehe 9, zilizostahili kulipwa tarehe 8 Februari. Shilingi 39,300 za mzigo wa tarehe 14, zilizostahili tarehe 13 Februari. Na shilingi 28,360 za mzigo wa tarehe 21, zilizostahili tarehe 20 Februari. Naambatanisha nakala za hati zote tatu na ankara iliyosahihishwa. Naomba salio hili lilipwe kufikia Ijumaa ya wiki ijayo. Ikiwa kuna karatasi inayokosekana, tafadhali nijulisheni kabla ya Jumatano ili niilete mwenyewe. Ikiwa fedha haziwezi kutoka zote kwa pamoja, naomba niandikiwe tarehe na kiasi cha kila awamu. Kuhusu kilo 405 zilizokataliwa nitaandika kando. Maembe ya msimu mdogo yameanza kutoa maua, na ningependa tuelewane juu ya malipo kabla sijapanga wachumaji. Wenu, ..."

Angalia kwamba hakuna neno "tafadhali sana nawasihi", na hakuna tusi. Hakuna pia habari za karo za watoto wala mgonjwa aliyelazwa, ingawa mzee alitaka sana niziweke. Mambo hayo ni ya kweli, lakini mhasibu hawezi kuyalinganisha na karatasi yoyote, tena yanageuza haki kuwa ombi la msaada. Uthabiti wa barua unatokana na kiasi kimoja, tarehe moja na njia mbili za kujibu. Sentensi ya mwisho juu ya maua ndiyo inayotunza uhusiano, kwa sababu inamwambia mnunuzi kwamba mzigo bado upo na pia inamwambia kilichosimama kati yake na mzigo huo.

Jibu lenyewe huonyesha ugonjwa uko wapi. Ukijibiwa kwa kutajiwa karatasi, "ankara haina nambari ya oda," kwa mfano, tatizo ni la makaratasi na litakwisha baada ya siku chache. Ukijibiwa kwa siku tupu, "kesho kutwa, inshallah," bila karatasi yoyote kutajwa, basi huenda kiwanda hakina fedha kwa sasa. Katika hali hiyo ya pili usidai yote kwa mkupuo; ng'ang'ania ratiba ya awamu iliyoandikwa na kutiwa saini.

Dhana nyingine hazinipotezei muda mwingi.

Wapo wanaoamini kwamba barua haina nguvu bila kutaja wakili na mahakama tangu mstari wa kwanza. Barua ya kwanza haihitaji hayo. Ukitishia siku ya kwanza, barua hutoka mikononi mwa mhasibu ikaenda kwa wakili wa kiwanda, na huko husubiri. Lakini ujue njia ipo: Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 inahusu madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inamruhusu mdai kujisimamia mwenyewe, na inataka shauri liamuliwe katika siku 60. Hilo liweke kwenye barua ya tatu, ukitaja tarehe utakayofungua shauri, na uitimize. Onyo la mahakama linalorudiwa kila wiki bila kutekelezwa humfundisha mdaiwa kwamba unatania.

Wapo pia wanaojiongezea riba ya asilimia kumi kila mwezi kwa sababu "wamenichelewesha". Kama riba haikuwa kwenye makubaliano yenu, usiibuni ndani ya barua. Mahakama inaweza kutoa riba shauri likifika huko, lakini riba uliyoibuni inaifanya ankara yako isilingane na karatasi zao, na tumeshaona nini hutokea hapo.

Kuna wanaosema deni la msimu uliopita limeshakufa. Si kweli. Nchini Kenya dai la mkataba lina miaka 6 tangu siku malipo yalipostahili, na malipo ya sehemu ya deni huanzisha hesabu hiyo upya. Zile shilingi 30,000 za Machi, zilizotumwa bila maelezo, zilimfaa mzee kuliko alivyodhani, na ndiyo maana nawasihi wakulima wahifadhi ujumbe wa malipo badala ya kuufuta simu inapojaa. Hata hivyo miaka 6 isikufanye ukalala. Afisa wa mizani aliyekufahamu ataondoka, na hati ya mizani iliyochapwa kwenye karatasi ile nyororo hufifia kabla ya mwaka kwisha. Ipige picha siku hiyo hiyo.

Na wapo wanaozuia mzigo unaofuata kimyakimya, simu imezimwa, wakidhani wamemtia adabu mwenye kiwanda. Soma kwanza mliandikiana nini. Kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, kuchelewa kulipa peke yake hakuvunji mkataba moja kwa moja isipokuwa mlikubaliana kwamba wakati wa kulipa ni sharti la msingi, kwa hiyo mkulima aliyeahidi tani kadhaa kwa msimu mzima anaweza kujikuta yeye ndiye aliyekosa. Kama kila mzigo mliupatana peke yake, una uhuru wa kuuza kwingine, lakini mwambie, na umwambie kwa maandishi: mzigo ujao utashushwa malipo yakifanyika mizanini, au nusu kabla na nusu katika siku saba. Hilo ni sharti jipya la biashara, naye anaweza kulikubali bila kuvunjiwa heshima.

Barua ya mzee ilipelekwa kwa mkono siku ya Jumatatu, na nakala yake ikagongwa muhuri wa mapokezi. Jumatano mhasibu alipiga simu mwenyewe, akamwita "baba", akasema alikuwa akingojea ankara iliyosahihishwa siku zote hizo. Shilingi 43,540 za mizigo miwili ya kwanza zililipwa Ijumaa hiyo ya wiki iliyofuata, na 28,360 mwisho wa mwezi. Kilo 405 bado tunabishana. Mnunuzi amekubali kwamba msimu mdogo mzee atasimama mwenyewe pale maembe yanapochambuliwa, na gunia la rijekti litapimwa mbele yake kabla halijamwagwa.