SWOT, PESTEL, Ansoff au BCG? Angalia kwanza swali linauliza nini

Haya wadogo zangu wa biashara, pepa linakaribia na meseji zinazoingia ni zile zile, "tichaa hapa tunaweka SWOT au Ansoff?" Nikisahihisha naona wengi mmezikariri zote vizuri tu, ila mtu anachora SWOT safi kabisa kwenye swali lililouliza biashara ikue vipi, na hapo maksi zinabaki mbili tatu za huruma.

Tutumie biashara moja kote ili msichanganyikiwe. Tuseme kuna kikundi cha akina mama hapa Mtwara, pale Chuno, wananunua korosho ghafi, wanabangua, wanakaanga na chumvi, wanafungasha na kuuza madukani na stendi. Ni ya kutunga lakini biashara za namna hii mnazijua, zipo mpaka Masasi na Newala.

Swali likiuliza hali ya biashara ilivyo sasa, hapo ndo SWOT, yani nguvu na udhaifu wa ndani, fursa na vitisho vya nje. Likiuliza mambo ya nje tu, yani siasa, uchumi, jamii, teknolojia, mazingira na sheria, hiyo PESTEL. Mfano wa siasa tunao hapa hapa nyumbani: Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya mvutano wa bei na wanunuzi. Kikundi cha Chuno hakina uwezo wowote juu ya uamuzi kama huo, lakini bei ya malighafi yao inaguswa moja kwa moja, na hiyo ndo PESTEL yenyewe. Mkimaliza kuandika tukio malizieni na athari kwa biashara, msitaje tukio alafu mkaruka.

Kwenye SWOT kuna kosa moja linajirudia kila mwaka. Mtu kwenye fursa anaandika "kuanza kuuza Dodoma". Hiyo sio fursa, hiyo ni strateji. Fursa ni kitu kilichopo nje hata kama wewe haupo. Jiulize hivi, kikundi kikifungwa kesho hiki kitu bado kitakuwepo? Watu wa Dodoma kupenda kutafuna korosho, ndio kitakuwepo, basi ni fursa. Mashine ya kufungashia iliyoharibika itaondoka na kikundi chao, kwaiyo ni udhaifu. Na wateja kulalamika pakiti zinapitisha hewa? Msidanganyike na neno wateja, chanzo kiko ndani, ni udhaifu pia.

Porter, yani zile nguvu tano za ushindani, nitapita haraka. Itumie swali likiuliza kama sekta nzima ina faida au ushindani umekaaje. Korosho ghafi huku zinauzwa kwa mnada chini ya stakabadhi ghalani, kikundi kidogo kinagombania mzigo na wanunuzi wakubwa wanaosafirisha India na Vietnam, kwaiyo upande wa malighafi kikundi hakina sauti kwenye bei. Fanya hivyo kwa nguvu zote tano, alafu sema ipi inabana zaidi, usiziache zote zinalingana.

Sasa tuje kwenye Ansoff maana hapa ndo watu wanaangukia. Igor Ansoff aliitoa 1957 na inajibu swali moja tu, tukue kwa kuelekea wapi. Unauliza mambo mawili: bidhaa ni ya zamani au mpya, na soko ni la zamani au jipya. Upya unapimwa kwa biashara yenyewe sio kwa dunia, siagi ya korosho ipo siku nyingi tu lakini kama kikundi hakijawahi kutengeneza, kwao ni bidhaa mpya.

Kwaiyo kikundi kikiuza korosho zile zile kwa wateja wale wale ila zaidi, labda kwa kushusha bei au kuongeza wauzaji stendi, huko ni kupenya soko. Korosho zile zile zikipelekwa Dodoma, ni kukuza soko. Siagi ya korosho kwa maduka yale yale ya Mtwara, ni kukuza bidhaa. Wakianza kutengeneza juisi ya mabibo wakauzie mahoteli ya Dar, bidhaa mpya na soko jipya, huko ni kutanuka na hatari yake ndo kubwa kuliko zote kwasababu hujui kutengeneza wala humjui unayemuuzia. Mtego wa watunga maswali ni huu: kikundi kinaleta pakiti ndogo ya shilingi 500 kwa wanafunzi ambao zamani hawakuwa wateja. Wengi wanakimbilia bidhaa mpya kisa pakiti mpya. Korosho ni ile ile, kilichobadilika ni mnunuzi, mimi ningeandika kukuza soko na nieleze sababu kwa sentensi moja, hapo hata msahihishaji mwenye mawazo tofauti atakupa maksi.

BCG ni habari nyingine. Ukiona biashara ina bidhaa kadhaa na hela ni moja, swali linataka kujua hela iende wapi, hiyo ni BCG. Bidhaa ikiwa moja usiiguse kabisa. Unahitaji ukuaji wa soko, mpaka wake kwa kawaida ni asilimia 10, na sehemu ya soko ukijilinganisha na mshindani mkubwa kuliko wote, mpaka wake 1. Hapo kwenye kujilinganisha ndo penye shida, watu wanaandika asilimia ya soko tu. Fomula ni mauzo yako gawanya kwa mauzo ya huyo mshindani.

Tuseme korosho za kukaanga kikundi kinauza milioni 60, mshindani mkubwa milioni 40, unapata 1.5, na soko linakua asilimia 4. Sehemu kubwa, ukuaji mdogo, huyo ng'ombe wa maziwa. Siagi wanauza milioni 6, mshindani milioni 30, ni 0.2, soko linakua asilimia 18, hiyo alama ya kuuliza. Jibu ni kuchukua hela ya korosho kulisha siagi, au kuiacha siagi kama mshindani hakamatiki.

Ila angalieni hapa, hizo namba za siagi ni za nchi nzima. Ukihesabu mkoa wa Mtwara peke yake, kikundi kinauza milioni 4 na anayemfuatia milioni 2, inakuwa 2, na ukuaji ukibaki juu ya 10 siagi ile ile imegeuka nyota! Hakuna kilichobadilika kiwandani, umebadilisha tu mpaka wa soko. Ukiulizwa udhaifu wa BCG andika hili na mfano wake, ni bora mara kumi kuliko "inategemea takwimu".

Swali likitaja mteja, tumuuzie nani na atuoneje, ni STP: gawa soko, chagua tageti, jiweke sokoni. Kikundi kinaweza kugawa wasafiri wa stendi, familia na wanunuzi wa zawadi, kikawachagua wa zawadi na kujiweka kama korosho nzima nyeupe zisizovunjika. Baada ya hapo ndo zinakuja P nne, bidhaa, bei, mahali na promosheni, na zote zinatakiwa zimfuate mtu uliyemchagua. Umechagua wa zawadi alafu unaandika bei ya chini kabisa na mfuko wa nailoni, hapo umejipinga mwenyewe. Kama biashara ni huduma, mfano gesti ya Mikindani, ongeza watu, mchakato na ushahidi unaoonekana zifike P saba, na kwa gesti ushahidi huo ni shuka safi, mapokezi na risiti iliyoandikwa vizuri.