"Kivunjwe" si "kimevunjwa"

Jumamosi moja, katika ukumbi wa kukodi mtaani Buruburu, Nairobi, nilimsikia katibu akiwasomea wenzake kumbukumbu alizokwisha kuandika: "Chama kimevunjwa rasmi leo, saa tisa alasiri." Wanachama wakapiga makofi. Hiyo ni mara ya nne au ya tano kwangu kulisikia kosa hilo, na kila mara chama husika kilikuwa hai bila kujijua.

Kumbukumbu za kuvunja chama ni maandishi ya mkutano mkuu ambao wanachama wanapiga kura ya kukifunga chama, wanaidhinisha hesabu zake na kuamua salio liende wapi. Maana yenyewe haina utata. Utata umo katika kitenzi.

Shuleni tulifunzwa kwamba kumbukumbu huandikwa kwa wakati uliopita, nasi tukalishika somo hilo hata mahali lisipofaa. Kilichopita pale ukumbini ni kuazimia, kuvunjika bado. Katiba nyingi za vyama vilivyosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, husema kwamba chama hakivunjwi mpaka Msajili wa Vyama atoe kibali cha maandishi, baada ya kupokea ombi lililotiwa sahihi na viongozi watatu. Kwa hiyo sentensi sahihi ina vitenzi viwili vyenye hali tofauti: "Mkutano uliazimia kwamba chama kivunjwe." Kile kiishio -e kinabeba kibali ambacho hakijaja, na anayekiondoa anaandika jambo ambalo mkutano hauna mamlaka ya kulitenda peke yake.

Kabla ya kuandika hata "uliazimia", ni lazima kura ihesabiwe sawasawa. Tuchukue chama chenye wanachama 42, ambao 27 kati yao wamehudhuria na akidi imetimia. Waliounga mkono ni 17, waliopinga ni 4, na 6 hawakuinua mkono upande wowote. Katibu mwenye haraka huandika kwamba azimio limepita, kwa kuwa 17 ni zaidi ya theluthi mbili ya watu 21 waliopiga kura. Lakini katiba hizo husema theluthi mbili ya waliohudhuria, yaani 18, na kwa hesabu hiyo azimio limeanguka kwa kura moja. Wale 6 walionyamaza ndio walioliangusha, wapende wasipende. Ndiyo sababu maneno "wengi walikubali" hayafai hapa: kumbukumbu zitaje waliohudhuria, waliounga mkono, waliopinga na wasiopiga kura, na jumla zilingane na orodha ya mahudhurio.

Tuseme mmoja wa wale 6 alibadili msimamo kabla kura haijafungwa, azimio likapita. Sasa inakuja mali, na hapa "wanachama waligawana mali" ni kosa lilelile katika vazi jingine. Mali haigawanywi, inauzwa, madeni yanalipwa, kisha kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Mweka hazina ameonyesha shilingi 186,400 benki, deni la ukumbi shilingi 18,000 na ada ya mkaguzi wa hesabu shilingi 25,000. Katibu akiandika "shilingi 143,400 zigawanywe kwa usawa", atakuwa amesahau viti na hema, ambavyo havijauzwa. Vikija kuuzwa kwa shilingi 61,000, fedha hizo zitakuwa hazina azimio, na kamati haiwezi kujitungia la kwake, kwa kuwa kwa kawaida katiba huuachia mkutano uleule uliopiga kura ya kuvunja chama uamuzi wa jinsi salio litakavyogawanywa. Afadhali isiandikwe tarakimu bali kanuni: "salio lote litakalobaki baada ya mali kuuzwa na madeni kulipwa ligawanywe sawa kwa sawa."

Ukiacha "uliazimia" lenyewe, hesabu ndizo pekee zinazostahili wakati uliopita, na hata hizo kwa sehemu. Mkutano uliidhinisha hesabu hadi tarehe iliyotajwa. Hesabu za mwisho kabisa, zenye bei ya viti na risiti za madeni, haziwezi kuidhinishwa siku hiyo kwa kuwa hazipo. Azimio liseme nani azikague na wanachama wazipokee kwa njia gani.

Katibu wa Buruburu, ambaye mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, hakuhitaji kuanza upya. Nilimwomba afute "kimevunjwa rasmi leo", aandike "uliazimia kwamba chama kivunjwe, kwa idhini ya Msajili", na ile saa tisa aihamishie chini kabisa, kwenye mstari wa kufungwa kwa mkutano.