Kwa nini pigano lisilokatwa linasisimua zaidi?

"Kaka, mbona Toni Ja akipigana pale kwenye ngazi nasisimka, lakini hizi filamu mpya zenye kamera ya kuyumbayumba hata sijui nani kampiga nani?"

Kijana aliniuliza hivyo tukitoka kwenye kibanda cha video hapa Bagamoyo. Nilimpeleka ufukweni na simu yangu.

Tulisimamisha vijana wawili, mmoja arushe ngumi ipite shubiri moja mbele ya uso wa mwenzake. Ukirekodi ukiwa nyuma ya bega la mpigaji, ngumi inafunika uso na unaamini imefika. Ukihamia ubavuni, ile shubiri inaonekana peupe. Wavuvi waliokuwa wanatazama walicheka sana.

Mapigano yanayokatwakatwa huponea hapo. Mhariri anaonyesha ngumi ikiondoka, anakata, kisha anaonyesha kichwa kikigeuka. Mpigwaji akichelewa kuanguka, anapunguza fremu chache na mambo yanakaa sawa. Ila mtazamaji hakuliona pigo, amelikisia tu. Likirudiwa mara ishirini, jicho linachoka kukisia.

Kamera ikikaa mbali bila kukata, hakuna wa kuwaokoa waigizaji. Unaona miguu, unaona umbali, na pigo na anguko viko kwenye picha moja. Basi mpangaji wa mapigano ana njia mbili. Awapange watu ili kila pigo likae kwenye mstari wa kamera, au teke liguse kweli, kwa wayo na siyo kisigino, kwenye kifua chenye pedi chini ya shati. Mpigwaji naye aondoke papo hapo. Akiwahi au akichelewa kidogo tu, kila mtu anaona.

Sasa rudi kwenye ile ngazi. Filamu ni Tom-Yum-Goong ya Thailand, mwaka 2005, na pigano linakwenda kama dakika 4 bila kukatwa, ghorofa baada ya ghorofa, mpigapicha akipanda nyuma akiwa amejifunga kamera mwilini. Kamera za kubeba hivyo zilitumia sana mkanda wa futi 400, ambao kwa fremu 24 kwa sekunde unaisha kwa dakika 4 na nusu hivi. Kosa likitokea dakika ya tatu, mnashuka chini, mnarudisha samani zilizovunjika, mnaanza upya. Ndiyo maana kule juu steringi anahema kwelikweli, na mapigo yake yamepungua kasi.

Lakini kutokata peke yake hakuokoi pigano bovu. Kwenye picha pana tazama nyuma: utawaona maadui wanarukaruka bila kazi, wakisubiri zamu ya kupigwa. Uwanja wa wazi, kama huu ufukwe wetu, ndio unaowaumbua zaidi. Ngazi ile inawaficha: ni nyembamba, na wengine wanachomoka milangoni, kwa hiyo kuja mmoja mmoja kunaonekana ni kawaida.